Jozi, Fani na Ithibati: Namna ya Kusoma Wasifu wa Mfasiri Mbele ya Tangazo la Kazi

Mwenyekiti wa kikao, wenzangu mnaochuja maombi ya kazi, na ninyi wafasiri na wakalimani mlioketi nyuma kusikiliza leo mtasemwaje, nawasalimu nyote. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuupima wasifu wa mfasiri au mkalimani kwa kuulinganisha na tangazo. Nitatumia tangazo moja na waombaji wanne. Nimewatunga kwa ajili ya mazungumzo haya, lakini nadhani kila mmoja wao mmeshakutana naye mezani kwenu.

Tangazo lenyewe ni hili: "Anahitajika mfasiri wa Kiingereza na Kiswahili, nyaraka za afya, mwenye ithibati inayotambulika na sifa zinazotakiwa na ISO 17100. Ukalimani wa simu utahitajika mara chache."

ISO 17100 ni kiwango cha kimataifa cha huduma za tafsiri; nitakirudia mbele. Msifungue ombi hata moja kwanza. Tangazo hili halijakamilika, na ukilipokea hivyo hivyo utawapima watu kwa kipimo ambacho hakipo. "Kiingereza na Kiswahili" bado si jozi ya kazi. Ni majina ya lugha mbili yaliyowekwa pamoja bila kusema maandishi yanatoka wapi yanaelekea wapi. Rudi kwa kitengo kilicholeta tangazo, waulize watakachompa mtu huyu siku ya kwanza, na waombe wakuonyeshe karatasi zenyewe.

Katika mfano wetu jibu linakuja hivi. Kazi ni ya majaribio ya dawa. Fomu za ridhaa na karatasi za taarifa kwa mshiriki zinaandikwa kwa Kiingereza na lazima zifike kwa mshiriki zikiwa kwa Kiswahili. Hiyo ndiyo sehemu kubwa. Kila mwezi kuna shajara za washiriki, zilizojazwa kwa mkono kwa Kiswahili, ambazo watafiti wanazitaka kwa Kiingereza. Tena mara chache muuguzi anampigia mshiriki simu na anahitaji mtu katikati. Kumbe tangazo moja limebeba kazi tatu. Ya kwanza ni tafsiri kwenda Kiswahili, ya pili ni tafsiri kwenda Kiingereza, ya tatu ni ukalimani wa kwenda na kurudi. Mimi huziandika hizo tatu juu ya karatasi ya mchujo, kila moja kwa sentensi kamili: anafanya nini, kutoka lugha ipi kwenda ipi, maandishi ya aina gani, na nani atayasoma au kuyasikia. Kila dai lililomo kwenye wasifu hulipeleka mbele ya sentensi mojawapo. Dai lisilopata sentensi ya kusimamia halihesabiwi, hata liwe na mhuri.

Sasa waombaji.

Wa kwanza ameorodhesha Kiswahili, Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kireno, zote kwa "ufasaha wa hali ya juu". Anafasiri na kukalimani "katika fani zote". Ni mwanachama wa Chama cha Wafasiri cha Marekani, ATA. Ana cheti cha mafunzo ya saa 40 ya ukalimani wa tiba, na ana CoreCHI. Ndani ya miaka mitatu iliyopita, anasema, amefasiri maneno milioni tisa.

Niseme kwanza kwamba simtupi mtu kwa kujisifu. Wasifu huandikwa kwa kuigana, na aliyeigwa huenda naye hakujua. Ila maelezo haya yananipa lugha tano bila jozi hata moja. Lugha tano zinaweza kuzaa mielekeo ishirini ya tafsiri, na hakuna binadamu anayelipwa kwa yote ishirini. Nataka kujua ipi ndiyo inayomlisha. Jibu likiwa ni Kifaransa kwenda Kiingereza, basi kwenye sentensi yangu ya kwanza hana kitu.

Maneno milioni tisa ni hesabu ya dakika moja. Mfasiri mmoja, kwa maandishi ya kawaida ya kitaaluma, hutoa kama maneno 2,000 hadi 2,500 kwa siku ya kazi. Chukua siku 250 za kazi kwa mwaka na kile kiwango cha juu: unapata maneno 625,000 kwa mwaka, chini ya milioni mbili kwa miaka mitatu. Milioni tisa ni wastani wa maneno 12,000 kila siku bila kukosa. Si lazima awe anadanganya. Huenda alikuwa msimamizi na amehesabu kazi ya kundi zima, au alikuwa akipitia tafsiri za mashine na kuzisahihisha, au amehesabu sentensi zilizokuja tayari kutoka kwenye kumbukumbu ya tafsiri. Lakini kila mojawapo ya hizo ni kazi tofauti na ile tuliyoitangaza, kwa hiyo namwandikia barua pepe ya mstari mmoja: maneno hayo uliyafasiri mwenyewe kutoka mwanzo?

Ithibati zake ndizo zinazofaa kutuchelewesha kidogo, kwa sababu hapa ndipo maofisa wengi wanapokosea kwa nia njema kabisa. Uanachama wa ATA si ithibati ya ATA. Mwanachama hujiunga na kulipa ada. Mwenye ithibati amefaulu mtihani, na ithibati hiyo hutolewa kwa jozi moja na mwelekeo mmoja. Aliyefaulu kutoka Kiingereza kwenda Kihispania hajaambiwa chochote kuhusu Kihispania kwenda Kiingereza. Kwa hiyo nembo au kifupi kilichoko chini ya jina hakitoshi. Unatafuta mshale ulio pembeni yake.

Cheti cha saa 40 ni mafunzo. Marekani, saa 40 ndicho kiwango cha chini cha mafunzo ambacho mtu hutakiwa kuwa nacho ili aruhusiwe kuomba mitihani ya ithibati ya ukalimani wa tiba. Ukikihesabu kama ithibati umempa mtu alama za mtihani kwa kuonyesha kwamba anastahili kuufanya. Nayo CoreCHI, inayotolewa na tume ya ithibati ya wakalimani wa afya iitwayo CCHI, ni ithibati ya kweli, ila mjue inachopima. Ni mtihani wa maarifa, unaofanywa kwa Kiingereza, uliofunguliwa kwa wakalimani wa lugha zote: maadili, taratibu za kikao, istilahi za tiba. Haumsikilizi mtu akikalimani kwa Kiswahili. Mtihani wa CHI wa tume hiyo hiyo ndio unaopima ukalimani wenyewe katika lugha mbili, nao upo kwa Kihispania, Kiarabu na Kimandarini. Kwa hiyo anayetangaza nafasi ya mkalimani wa Kiswahili kisha akasisitiza CHI anadai karatasi ambayo hakuna awezaye kuileta, na atakayebaki kwenye orodha yake fupi ni aliyesoma tangazo kwa uzembe. Kabla hujaandika "ni lazima", hakikisha kwamba mtihani huo upo kwa jozi yako.

Mwombaji huyu namweka kando kwa ajili ya sentensi ya tatu, ile ya simu. Mafunzo ya saa 40 na CoreCHI vina uzito hapo, mradi apimwe Kiswahili chake kwa sauti. Kwa sentensi mbili za maandishi hajaleta ushahidi.

Wa pili ni mkalimani wa mikutano. Ameandika: Kiswahili A, Kiingereza B, Kifaransa C, ukalimani sambamba na mfuatizo, miaka minane. Ninapoona herufi hizo moyo hutulia, maana hapo nasoma ramani. Ndiyo namna inayotumiwa na shirika la kimataifa la wakalimani wa mikutano, AIIC. A ni lugha mama, au iliyo sawa na lugha mama, na mkalimani hukalimani kuelekea lugha hiyo. B si lugha mama, lakini anaimudu kiasi cha kukalimani kuielekea pia, ingawa wengine huafiki kufanya hivyo kwa aina moja tu ya ukalimani. C anaielewa kikamilifu na kukalimani kutoka humo, basi. Kwa herufi tatu mtu huyu ameniambia kwamba simu ya Kiingereza na Kiswahili anaiweza pande zote mbili, na kwamba nisimpeleke mahali atakapotakiwa kuongea Kifaransa.

Lakini tafsiri ya maandishi hakuna hata mstari mmoja. Kuna mazoea ya kudhani mkalimani mzuri ni mfasiri aliyeongezewa sauti. Mkalimani hufanya uamuzi ndani ya sekunde na kuuacha nyuma. Mfasiri wa fomu ya ridhaa huweza kukaa na aya moja nusu saa, akijua itasomwa na kamati ya maadili, na mtafiti, na mtu aliye kitandani. Wapo wanaoweza yote mawili, na wanapokuwepo huandika yote mawili. Hata kwenye simu nina swali kwake: miaka minane yote ni ya ukumbini. Mazungumzo ya muuguzi na mshiriki ni ya zamu fupi fupi, ya kufuatiza, mara nyingi kwa mtu mwenye maumivu asiyemaliza sentensi. Namwuliza kama amewahi kufanya hivyo, na jibu lolote la kweli linanifaa.

Hao wawili wamekwenda haraka. Wawili waliobaki ndio walionikalisha.

Wa tatu ni muuguzi. Ana shahada ya uuguzi, hana shahada ya tafsiri, hana ithibati yoyote ya tafsiri. Kwa miaka mitatu amekuwa akifasiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili siku mbili kwa wiki huku akiendelea na kazi yake. Ameambatanisha orodha ya kazi. Haisemi "nyaraka za tiba". Inasema fomu ya ridhaa kwa mtu mzima, fomu ya kukubali kwa mtoto, dodoso la mgonjwa, shajara ya dalili, na mbele ya kila moja idadi ya maneno. Kwenye dodoso ameeleza kwamba yeye alikuwa mfasiri wa pili kati ya wawili waliofasiri kila mmoja peke yake kabla tafsiri hazijaoanishwa, na kwamba baadaye mtu mwingine asiyeona matini ya Kiingereza aliirudisha kwenye Kiingereza ili zilinganishwe. Anayeeleza hayo bila kuulizwa amekuwepo kazini. Mtu wa nje hajui hata kama hatua hizo zipo.

Hivyo ndivyo ninavyoisoma fani. Neno "tiba" ni pana mno. Kitabu cha maelekezo ya mashine ya hospitali, bango la kampeni ya chanjo, barua ya kuruhusiwa kutoka wodini na fomu ya ridhaa vyote ni tiba, na mwandishi mmoja hawezi kudhaniwa anaviweza vyote kwa sababu vimekaa chini ya neno hilo moja. Natafuta aina ya hati, msomaji wake, na nafasi ya mtu huyo katika mchakato. Wasifu ukinipa vitatu hivyo, neno la fani silihitaji tena.

Je, anatimiza ISO 17100? Hapa lazima tukisome kiwango chenyewe, toleo la 2015. Kinamkubali mfasiri anayeonyesha kwa hati mojawapo ya njia tatu: shahada inayotambulika ya tafsiri, au shahada ya fani nyingine pamoja na uzoefu wa tafsiri wa miaka miwili ya muda wote, au, bila shahada, miaka mitano ya muda wote. Muuguzi yuko njia ya pili. Miaka mitatu inaonekana kuzidi miwili, na ofisa mwenye haraka atatia tiki. Lakini siku mbili kwa wiki, kwa wiki 52, kwa miaka mitatu, ni siku 312 tena bila likizo. Miaka miwili ya muda wote ni kama siku 500. Kisha nikajumlisha maneno ya orodha yake: 480,000. Kwa maneno 2,200 kwa siku hiyo ni kazi ya siku 218, haifiki hata mwaka mmoja. Hesabu zote mbili zinasema bado. Inauma, kwa sababu ndiye mwenye fani kuliko wote.

Kuhusu kiwango hicho kuna jambo la pembeni. Mara nyingine mwombaji huandika "nina ISO 17100" kama anayetaja mtihani aliofaulu. Kiwango hiki kinahusu huduma na mchakato wake, na ndani yake kimeweka sifa za watu. Hakimpimi mtu lugha. Ukikutana na mstari huo, uliza nani alitoa hati, kwa nani, na inasema nini.

Wa nne ana shahada ya sheria, amefasiri kwa muda wote miaka minne, na ana ithibati ya ATA kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Mshale wake unalingana na sentensi yetu ya kwanza. Niliitafuta ithibati kwenye orodha ya chama, ikawepo. Hatua hiyo msiiruke, kwa maana ithibati nyingi zina uhai wake: ATA humtaka mwenye ithibati kukusanya alama za kujiendeleza kila miaka mitatu, na NAATI ya Australia hutoa ithibati ya miaka mitatu kisha mtu huithibitisha upya, akiwa na namba ambayo yeyote anaweza kuihakiki. Picha ya cheti iliyobandikwa kwenye ombi inakuonyesha siku kilipotolewa. Haikuonyeshi kama leo bado kinaishi. Vivyo hivyo kwa "mfasiri aliyeapishwa". Ujerumani huapishwa mbele ya mahakama, Hispania huteuliwa na wizara ya mambo ya nje, na hadhi hiyo ni ya kisheria ndani ya mipaka hiyo. Nje ya hapo inakupa dalili nzuri, lakini haikupi mamlaka yale yale.

Kasoro ya wa nne ni fani. Kazi zake ni mikataba, hukumu na sera za bima. Niliposoma tena kwa makini nikaona mbili kati yake ni mikataba ya majaribio ya dawa na hati ya bima ya washiriki. Hilo si bure. Fomu ya ridhaa ina sehemu ya fidia ikitokea madhara, na ina haki ya kujitoa bila adhabu, sehemu ambazo wafasiri wa afya huzipotosha kwa kutojua uzito wake. Lakini kurasa zilizobaki zinahusu kipimo cha dawa, utaratibu wa kutoa damu, na hatari kwa mama mjamzito, na huko hana ushahidi.

Basi mezani kuna mwenye ithibati asiye na fani, na mwenye fani asiye na ithibati wala siku za kutosha. Wenzangu wengi hapa hutafuta alama: ithibati 40, fani 30, jozi 30, jumlisha, apatikane mshindi. Mimi sijumlishi, na sababu yangu ni ya kikazi. Jozi haipungukiwi kwa asilimia. Mtu anafanya kazi kuelekea lugha hiyo au hafanyi. Ukimpa alama 15 kati ya 30 kwa mwelekeo asiofanyia kazi, alama za ithibati zitamvusha, na utaajiri mtu wa kwenda upande usiokuwa wa kwako. Mwelekeo uwe mlango: asiyepita haendelei. Fani na ithibati ndivyo vya kupimana, tena kwa kujua nani mwingine atakuwemo kwenye mchakato.

Wazo lililotujia kwanza lilikuwa kuwaunganisha: muuguzi afasiri, mwanasheria amkague. Kiwango kinakataa pande zote mbili. Muuguzi hajatimiza sifa za mfasiri. Na mkaguzi wa tafsiri, yule anayelinganisha matini mbili mstari kwa mstari, ambaye ISO 17100 inamtaka kwa kila kazi na asiwe mfasiri mwenyewe, lazima awe na sifa za mfasiri pamoja na uzoefu wa kufasiri au kukagua katika fani husika. Mwanasheria hana.

Tukageuza. Kiwango kinatofautisha ukaguzi huo na mapitio ya mtaalamu wa fani, anayesoma Kiswahili peke yake na kusema kama kinafaa kwa kazi iliyokusudiwa. Mapitio hayo si ya lazima. Hufanyika mteja na mtoa huduma wakikubaliana. Nafasi hiyo muuguzi anaijaza leo. Mwanasheria anapewa jaribio la maneno 250 kutoka kwenye fomu ya kweli iliyofutwa majina, nusu ikiwa sehemu ya fidia na nusu sehemu ya hatari za dawa, maana jaribio la fidia peke yake lingetuonyesha tunachokijua tayari. Akifaulu nusu ya pili, anaajiriwa kufasiri, na mkaguzi mwenye uzoefu wa afya anatafutwa kwa mkataba. Muuguzi anaambiwa wazi kwa maandishi ni siku ngapi zimepungua, ili orodha yake ya maneno iendelee kukua akijua inaelekea wapi.

Sentensi ya pili, ya shajara kwenda Kiingereza, haikupata mtu. Hakuna kati ya wanne aliyeonyesha tafsiri ya kuelekea Kiingereza, na ithibati ya mwanasheria mshale wake haugeuki. Kwa hiyo tulitangaza upya, mara hii mistari miwili tofauti. Wa kwanza ulisema: "Mfasiri kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, shajara na maelezo ya washiriki wa majaribio ya dawa yaliyoandikwa kwa mkono, ataje aina za hati alizofasiri kuelekea Kiingereza na idadi ya maneno, ithibati ya mwelekeo huu itapewa uzito, si sharti." Wa pili ulisema: "Mkalimani wa simu, Kiingereza na Kiswahili pande zote mbili, ukalimani mfuatizo kati ya muuguzi na mshiriki, atapimwa kwa sauti katika lugha zote mbili." Mkalimani wa mikutano na mwenye CoreCHI wote wawili tuliwatumia huo wa pili.